Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: UE 45 kwenye slipu, 27 kwenye mfumo

Kwa: Makamu Mkuu wa Chuo
Nakala: Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma), Amidi wa Kitivo, Mkuu wa Idara, Ofisi ya Mitihani, Serikali ya Wanafunzi

YAH: RUFAA YA ALAMA YA MTIHANI WA MWISHO WA MUHULA, KOZI YA TAKWIMU, MWAKA WA TATU

Ndugu Makamu Mkuu wa Chuo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunakuandikia kwa heshima zote, na tunaandika hadharani kwa kuwa milango ya ndani tumeshaigonga yote. Barua ya kwanza ya mwanafunzi mwenzetu ilipokelewa idarani na kugongwa muhuri. Rufaa rasmi ikafuata kitivoni, ikiwa na stakabadhi ya ada ya rufaa. Jibu lililorudi ni sentensi moja: alama zimehakikiwa na ziko sahihi. Halisemi kilichohakikiwa ni nini, aliyehakiki ni nani, wala alihakiki kwa kulinganisha na karatasi gani.

Hatutaji hapa jina la mwanafunzi, la mhadhiri wala la chuo. Ofisi yako inazo namba zote za usajili kwenye nakala iliyopelekwa masjala. Hatumtuhumu mtu kwa hila pia. Tunachoeleza hapa chini ni kosa la kuingiza alama, kosa la kawaida kabisa, ambalo mtu mwenye ufunguo wa stoo ya vijitabu vya mitihani anaweza kulimaliza asubuhi moja.

Jambo lenyewe

Utaratibu wa kitivo chetu unafahamika. Kabla matokeo hayajaenda kwenye Bodi ya Kitivo, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huitwa dirishani idarani na kuonyeshwa slipu ya matokeo ya awali. Ni kipande cha karatasi, nusu ya A4, chenye namba ya usajili, jina la kozi, krediti, safu ya CA ambayo ni alama za muhula kati ya 40, safu ya UE ambayo ni alama za mtihani wa mwisho kati ya 60, kisha jumla na daraja. Mwanafunzi akiridhika anasaini, karani anagonga muhuri wa idara juu ya saini, na slipu inabaki idarani. Nakala hapewi. Ndiyo maana anayetaka kumbukumbu huipiga picha kwa simu palepale kabla ya kuirudisha, na karani huwa anaona.

Slipu ya mrufani inasomeka hivi: CA 29, UE 45, jumla 74, daraja A. Matokeo yalipotoka rasmi kwenye mfumo, kozi ileile ya mwanafunzi yuleyule ikasomeka: CA 29, UE 27, jumla 56, daraja B. CA haikuguswa. UE peke yake imeshuka, na imeshuka kwa alama 18.

Kwa wasiozoea hesabu za GPA, tueleze kwa nini hili si suala la mtu kutafuta sifa. Kozi hii ina krediti 12. A inabeba pointi 5 kwa kila krediti na B inabeba 3, kwa hiyo kinachobishaniwa ni pointi 24. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360. Kwa slipu, mrufani ana pointi 1588. Ukigawa kwa 360 unapata 4.41, na GPA ya 4.4 ni daraja la kwanza. Kwa mfumo ana pointi 1564, yaani 4.34, ambayo inaandikwa 4.3, na hilo ni daraja la pili la juu. Cheti kinabadilika kwa alama ya mtihani wa kozi moja tu.

Hoja ya 1: 27 imetokana na 45

Ukizidisha 45 kwa 0.6 unapata 27 kamili, bila desimali. Na 0.6 si namba tuliyoiokota: ndiyo inayotumika kubadilisha alama zilizosahihishwa kati ya 100 ziwe kati ya 60. Mhadhiri aliyesahihisha mtihani kati ya 100 lazima azidishe kwa 0.6 kabla ya kujumlisha na CA. Ikiwa alama tayari ziko kati ya 60 halafu zikazidishwa tena, mwanafunzi anapoteza asilimia 40 ya mtihani wake bila mtu yeyote kumnyima alama hata moja.

Kwa mfano mmoja tu, mtu anaweza kusema ni sadfa. Tuliuliza darasani, na wanafunzi wengine wanne waliokuwa wamepiga picha slipu zao wakatukubalia kwa maandishi kutumia alama zao. Hizi hapa:

| Mwanafunzi | CA | UE kwenye slipu | UE kwenye mfumo | Jumla na daraja, slipu | Jumla na daraja, mfumo |
|---|---|---|---|---|---|
| Mrufani | 29 | 45 | 27 | 74, A | 56, B |
| Wa pili | 24 | 41 | 25 | 65, B+ | 49, C |
| Wa tatu | 31 | 50 | 30 | 81, A | 61, B+ |
| Wa nne | 19 | 35 | 21 | 54, B | 40, C |
| Wa tano | 27 | 38 | 38 | 65, B+ | 65, B+ |

Tazama mistari minne ya kwanza. Alama zilizopungua ni 18, 16, 20 na 14. Kama Bodi ingekuwa imepunguza alama za kozi nzima kwa sababu mtihani ulikuwa mwepesi, kila mmoja angepunguziwa kiasi kilekile. Kama vijitabu vingesahihishwa upya, upungufu usingefuata mpangilio wowote. Mmoja angeshuka, mwingine angepanda. Hapa aliyepata nyingi amepoteza nyingi, aliyepata chache amepoteza chache, na wote wamebaki na sehemu ileile ya walichokuwa nacho. Hata mwanafunzi wa pili, ambaye hesabu yake haitoki kamili, anakubaliana na kanuni: 41 mara 0.6 ni 24.6, na mfumo unakadiria kuwa 25. Anayetaka kujaribu mwenyewe aandike alama za slipu kwenye safu C ya Excel, kisha kwenye safu ya pembeni aweke:

```
=ROUND(C2*0.6,0)
```

Zitatoka 27, 25, 30 na 21, kama zilivyo kwenye mfumo.

Watu wa uhasibu wameshatuuliza kama si tarakimu zilizopinduliwa wakati wa kuchapa, kwa sababu tofauti ya 18 inagawanyika kwa 9, na hiyo ndiyo dalili wanayoitumia kukamata kosa la namna hiyo. Swali zuri, lakini 45 ikipinduliwa ni 54, na zile tofauti nyingine za 16, 20 na 14 hazigawanyiki kwa 9. Hilo tumeliondoa.

Hoja ya 2: Kati ya slipu na mfumo, kilichokosea ni kipi?

Haitoshi kuonyesha kwamba namba mbili zina uhusiano. Inawezekana kabisa kwamba 27 ndiyo sahihi na slipu ndiyo iliyokosea. Hilo lingetokea hivi: mtihani ulisahihishwa kati ya 100, mrufani akapata 45, idara ikachapa slipu kabla ya kuzidisha kwa 0.6, kisha mfumo ukafanya kazi yake inavyotakiwa. Kama mambo yalikwenda hivyo, mrufani hana rufaa, na tunakubali mapema.

Kuna vitu viwili vinavyotufanya tuamini sivyo. Cha kwanza ni karatasi ya maswali yenyewe, ambayo kila mtahiniwa aliondoka nayo. Maelekezo yake yanasema jibu swali la kwanza na mengine mawili, na kila swali limeandikiwa alama 20 pembeni. Mara tatu ni 60. Karatasi imetungwa kati ya 60, na mwongozo wa usahihishaji unapaswa kuwa umeandaliwa kwa hesabu hiyohiyo.

Cha pili ni mwanafunzi wa tano. Alama yoyote iliyotoka kwenye 60 na kuzidishwa kwa 0.6 haiwezi kuvuka 36, kwa sababu 60 mara 0.6 ni 36. Yeye ana 38 kwenye mfumo. Maana yake alama yake haikuzidishwa kabisa, na slipu yake iko sawa na mfumo. Basi ndani ya kozi moja, kwa mtihani mmoja, kuna wanafunzi waliozidishiwa na wasiozidishiwa. Utetezi wa kwamba slipu zote zilichapwa kabla ya kuzidisha unafia hapo.

Na kipo kipimo ambacho sisi hatuwezi kukifanya, ila Ofisi ya Mitihani inaweza kukifanya bila kufungua kijitabu hata kimoja. Ichapishe orodha ya UE za kozi nzima na kuipanga kwa ukumbi. Kundi lililozidishwa halitakuwa na hata mmoja aliyevuka 36, na alama zake zitakuwa zimebanana upande wa chini. Kundi lingine litakuwa na watu wa 40 na zaidi. Kozi yenyewe ni ya takwimu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wangeiona tofauti hiyo kwa kutazama grafu.

Hoja ya 3: Kwa nini ni baadhi tu

Siku ya mtihani darasa halikutosha kwenye ukumbi mmoja. Waliobaki walihamishiwa ukumbi wa pili. Mrufani na wale watatu walioshuka walikaa ukumbi wa pili. Wa tano alikaa ukumbi wa kwanza. Fomu za mahudhurio zenye saini za watahiniwa zitathibitisha, na fomu hizo mnazo ninyi.

Kila ukumbi hufunga vijitabu vyake kwenye bahasha yake. Bahasha mbili mara nyingi huenda kwa wasahihishaji wawili, na wasahihishaji wawili hurudisha karatasi mbili za alama. Karatasi hizo huingizwa kwenye mfumo kama mafaili mawili ya CSV, pengine kwa siku tofauti na kwa mikono tofauti. Mifumo ya aina hii humtaka anayepandisha faili aeleze alama za UE ziko kati ya ngapi. Ukichagua 60, mfumo unaziacha zilivyo. Ukichagua 100, unazidisha kila mstari kwa 0.6. Haulalamiki, kwa sababu 45 ni alama halali kati ya 60 na ni halali pia kati ya 100. Ungelalamika kama ungechagua 60 huku faili lina 75. Kosa la upande huu mwingine linapita kimya.

Kosa hilo linaweza kutokea pia hata kama msahihishaji wa bahasha ya pili alisahihisha kati ya 100. Tuseme mrufani alipata 75. Msahihishaji akazidisha kwa 0.6 kwenye faili lake, ikawa 45, na ndiyo 45 iliyochapwa kwenye slipu. Kisha aliyepandisha faili akajua kwamba bahasha ile ilisahihishwa kati ya 100, akachagua 100, na mfumo ukazidisha mara ya pili: 27. Kila mmoja hapo amefanya kazi yake kwa nia njema. Kwa hiyo anayekagua asishtuke akikuta 75 kwenye jalada la kijitabu. Nayo inampa mrufani haki yake ya 45.

Basi majibu ni matatu tu. Jalada likiwa na 45 kati ya 60, au 75 kati ya 100, mfumo umekosea. Likiwa na 45 kati ya 100, au 27 kati ya 60, mfumo uko sahihi, na tutaomba tu maelezo ya wa tano alivyobaki na 38. Likiwa na namba nyingine yoyote, slipu na mfumo vyote viwili vimekosea, na hapo kazi itakuwa kubwa kuliko tulivyoomba.

Hoja ya 4: Uhakiki uliofanyika haungeweza kuliona kosa hili

Kuna kuhakiki kwa aina tatu, na kila moja inaona kitu chake. Ya kwanza ni kujumlisha upya kilichomo kwenye mfumo: 29 na 27 ni 56, na 56 ni B. Hesabu hiyo ni sahihi, na itaendelea kuwa sahihi hata ikirudiwa mwaka mzima, kwa sababu kosa liliingia kabla ya kujumlisha. Ya pili ni kulinganisha mfumo na jalada la kijitabu, pale kwenye jedwali la maswali ambamo msahihishaji anaandika alama za kila swali kwa mkono. Ya tatu ni kusahihisha upya kijitabu kizima kwa msahihishaji mwingine.

Sentensi tuliyojibiwa inafanana na matokeo ya aina ya kwanza. Tunachoomba ni ya pili. Ya tatu hatujaiomba, wala hatupingi uamuzi wa kitaaluma wa msahihishaji hata kwa nusu alama. Tunalisema hili wazi kwa sababu ofisi nyingi zikisikia neno rufaa hudhani mwanafunzi anataka kijitabu kisahihishwe upya, na kanuni zinazobana usahihishaji wa mara ya pili zikaletwa mahali pasipohusika.

Hoja ya 5: Picha ya slipu

Tumeambiwa kwa mdomo kwamba picha ya simu si ushahidi kwa kuwa inaweza kuhaririwa. Kweli inaweza. Lakini slipu halisi, yenye saini ya mwanafunzi na muhuri, iko kwenye faili la idara. Hatumwombi mtu aiamini picha. Tunaomba faili lifunguliwe na picha iwekwe pembeni yake. Ikiwa slipu halisi inasema 27, tumeumbuka wenyewe hadharani. Ikiwa slipu haipo, hilo ni jambo la idara kulieleza, na hapo picha itakuwa ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki.

Hata hivyo tumeiandaa picha ili ikaguliwe kitaalamu. Nakala iliyozunguka kwenye kundi la WhatsApp la darasa haifai kwa kazi hiyo, kwa sababu WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuifuta taarifa zake za ndani: tarehe, saa na aina ya simu. Tuliyoiwasilisha masjala ni faili la awali, lililotolewa kwenye simu kwa waya na kuwekwa kwenye flashi. Alama yake ya utambulisho tumeichapa kwenye kiambatisho. Ofisi yenu ya kompyuta inaweza kuthibitisha kuwa faili halijaguswa tangu siku tulipolileta, kwa amri hii kwenye Windows:

```
certutil -hashfile slipu.jpg SHA256
```

Mstari wa herufi na tarakimu utakaotoka ukilingana na wa kiambatisho, faili ni lilelile. Tunajua mipaka yake pia. Amri hiyo haisemi kama picha ilihaririwa kabla ya kuletwa, na tarehe ya ndani inategemea saa ya simu, ambayo mtu anaweza kuibadilisha.

Kwa hiyo tazameni karatasi yenyewe ndani ya picha. Imeshikwa kwa kidole gumba upande wa kushoto, na mwanga wa taa ya dirishani umefifisha kona ya juu kulia, penye nembo. Mstari wa kozi hii haukufikiwa na mwanga huo. Wino wa muhuri, ule wa zambarau, umepita juu ya tarakimu 5 ya “45” na kuingia kwenye safu ya jumla bila kukatika; anayebadilisha tarakimu hiyo kwenye kompyuta angelazimika kuuchora upya wino uliopita juu yake. Na mstari unajithibitisha wenyewe: 29 na 45 ni 74, na 74 iko ndani ya A, inayoanzia 70. Aliyehariri angebadilisha sehemu tatu, si moja.

Mahakamani kwenyewe, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hairuhusu ushahidi kukataliwa kwa sababu tu uko katika umbo la kielektroniki. Inaelekeza upimwe uzito wake: ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, na anavyotambulika aliyeutoa. Kamati ya rufaa si mahakama, lakini haina sababu ya kuwa ngumu kuliko mahakama.

Tunayotarajia kujibiwa

Tutaambiwa kwamba matokeo ya awali hayaifungi Seneti. Ni kweli, Seneti ina mamlaka ya kubadilisha. Ikibadilisha, huacha muhtasari wa kikao unaosema nini kimebadilishwa na kwa sababu gani. Tuonyesheni muhtasari unaoelekeza kwamba waliokaa ukumbi wa pili wapunguziwe asilimia 40, nasi tutanyamaza. Bila muhtasari huo, alama hazikubadilishwa na Seneti. Seneti iliidhinisha orodha iliyoletewa ikiwa tayari na kosa.

Tutaambiwa pia kwamba dirisha la rufaa limefungwa. Barua ya kwanza ina muhuri wa mapokezi wa idara ndani ya muda, na stakabadhi ya ada ina tarehe yake. Muda ulipita barua ikiwa mezani kwenu. Na hata isingekuwa hivyo, muda wa rufaa umewekwa kwa ajili ya kupinga maamuzi. Kumbukumbu isiyo sahihi ya mtu haigeuki kuwa sahihi kwa kupitwa na muda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na alama za mwanafunzi ni taarifa zake.

Kuhusu usiri wa vijitabu: hatuombi kukaa na kijitabu wala kukipiga picha. Jalada linatosha, na anaweza kulitazama mjumbe mmoja mbele ya mrufani.

Tunaomba yafuatayo

1. Leo, kabla ya jambo lingine lolote, itolewe amri ya maandishi ya kutoteketeza vijitabu, fomu za mahudhurio na karatasi za alama za kozi hii. Vijitabu huondolewa stoo kwa ratiba, na kijitabu kikishachomwa hakuna rufaa itakayowezekana kwa upande wowote.

2. Karatasi nne ziwekwe meza moja: jalada la kijitabu cha mrufani, karatasi ya alama ya bahasha ya ukumbi wa pili, slipu halisi iliyosainiwa, na kumbukumbu ya mfumo inayoonyesha faili lilipandishwa lini, na akaunti gani, na kwa kipimo kipi, 60 au 100. Mrufani awepo, na mwakilishi mmoja wa Serikali ya Wanafunzi.

3. Kosa likithibitika, wakaguliwe wote waliokaa ukumbi wa pili, wawe wameomba au hawajaomba. Mwanafunzi wa nne amebaki na 40, alama ya mwisho kabisa ya kufaulu. Aliyekuwa na CA kama yake na UE chini kidogo ya yake anaandaliwa kukaa sapu ya mtihani aliofaulu, na huenda hana picha wala habari. Sapu za kozi hii zisimame kwa wanafunzi wa ukumbi huo hadi ukaguzi uishe.

4. Marekebisho yapite kwa utaratibu wa Seneti na yaandikwe, yasifanywe kimyakimya na mtu mwenye nywila. Tunataka mfumo uonyeshe alama ya zamani, alama mpya, sababu na tarehe, ili mwajiri au chuo kingine kikiuliza baadaye, kuwe na karatasi ya kujibia.

5. Kazi hiyo ikamilike kabla orodha ya wahitimu haijapelekwa kuidhinishwa. Baada ya hapo kurekebisha daraja kunahitaji kufuta cheti na kuchapa kingine, na ninyi mnajua inavyochukua muda.

6. Ada ya rufaa irudishwe kwa kila atakayeonekana alikuwa na haki.

7. Jibu lije kwa maandishi, likiwa na tarakimu: kwenye jalada kuna ngapi, kati ya ngapi, na kipimo gani kilichaguliwa kwenye mfumo.

Tunaomba jibu ndani ya siku 14 tangu barua hii ilipopokelewa masjala. Lisipokuja, tutapeleka jalada zima kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na ombi la kurekebisha taarifa tutalipeleka kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Picha za slipu hatutazisambaza mitandaoni, kwa sababu zina namba za usajili za watu.

Flashi yenye mafaili ya awali, kiambatisho cha alama za utambulisho, ridhaa za maandishi za wanafunzi wanne, nakala ya barua ya kwanza yenye muhuri, stakabadhi ya ada na karatasi ya maswali vimo kwenye bahasha iliyopokelewa masjala pamoja na barua hii. Anayepangiwa kushughulikia jambo hili atupigie kwa namba zilizo kwenye bahasha. Tuko tayari kufika saa yoyote ya kazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wawakilishi wa darasa, mwaka wa tatu
(majina, namba za usajili na saini zimo kwenye nakala ya masjala)